Tupeane uzoefu: panchi ya sherehe kugeuka maji

MamaTunu: Wapendwa, Jumamosi tulikuwa na sendofu ya mdogo wangu hapa Dar, wageni 60. Nikapiga hesabu ya glasi mbili kwa kila mtu, mililita 250 kila moja, nikatengeneza lita 30 za nanasi, pasheni na embe. Asubuhi nilionja, tamu kabisa. Ukumbini tukamwaga barafu kilo 10 kwenye ndoo. Waliowahi walisifia. Baada ya chakula nikakuta glasi zimeachwa nusu, juu maji, chini rangi ya embe imetuama. Iliniuma sana. Wenzangu mnafanyaje?

MpishiTanga: Pole dada. Kilo ya barafu ikiyeyuka ni lita ya maji, kwa hiyo ulikuwa unaelekea lita 40. Juisi ya joto letu, nyuzi kama 30, kila lita inakula karibu gramu 300 za barafu mpaka ipoe vizuri. Mimi maji hayo nayahesabu mapema. Nikitaka lita 30, natengeneza lita 23 nzito, kilo 7 za barafu zinamalizia. Kabla ya kukoleza sukari nachota lita moja, natia gramu 300 za barafu, nasubiri iyeyuke yote, ndipo naonja. Kinywaji cha baridi ulimi hausikii utamu sana, ukionja cha moto unadanganyika. Na sukari naichemsha iwe shira, maana ikitiwa kavu kwenye baridi inazama chini ya ndoo.

BabaNeema: Tumieni bonge la barafu, haliyeyuki. Kwenye kipaimara cha binti yangu lilikaa hadi jioni.

MpishiTanga: Kaka, linayeyuka polepole, hapo uko sahihi, na kwa juisi iliyolala kwenye friji linafaa sana. Ila juisi ikiwa ya moto, ukitaka ubaridi uleule maji yatakayoingia ni yaleyale, tofauti ni muda tu.

ZuhuraMvita: Mimi niligandisha ukwaju wenyewe nikautumia badala ya barafu. Mwanzo ulitoka mtamu mno, mwisho likabaki jiwe jeupe lisilo na ladha. Siku hizi nagandisha maji kwenye chupa, nafunga vizuri, naziosha nje, nazitumbukiza kwenye deli la juisi. Inapoa, tone haliingii.

Asha_K: Mama yangu ana kisukari. Ikipoa na utamu ukapungua, anaweza kunywa?

ZuhuraMvita: Hapana mwanangu, ubaridi hauondoi sukari, iko palepale. Mtengee maji.

MamaTunu: Asanteni. Mwezi ujao nina kipaimara, juisi italala kwenye friji na chupa nitagandisha. Swali moja: tangawizi ya soda mnaitia saa ngapi? Yangu ilikufa gesi kabla ya watu kukaa.

BabaNeema: Mimi huitia dakika ya mwisho.

MpishiTanga: Mimi nimeacha kuitia kwenye ndoo, naimalizia glasi kwa glasi, lakini kwa watu 60 foleni inakuwa ndefu. Mwenye njia nyingine atuambie.