Naomba ushauri: delta mbili kwenye karatasi moja

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha hesabu hapa Bukavu, na kuna karatasi moja imenikwamisha. Swali ni 2x² − 7x + 3 = 0, pointi 6: delta 2, fomula 2, majibu 2. Mwanafunzi ameandika Δ = 25 pembeni, na Δ = 73 katikati, bila kufuta hata moja. Fomula iko chini kabisa, na 7 yake inafanana na 1. Lakini majibu yake ni x = 3 na x = 1/2, kwa hiyo nimeisoma kama 7: (7 + 5)/4 ni 3, (1 + 5)/4 sivyo. Fomula na majibu nimempa pointi zote.

Je, pointi 2 za delta anastahili, kwa kuwa majibu yanaonyesha alitumia 25? Au 73 isiyofutwa inamkata?