Naomba ushauri: nimwandikieje mhasibu bila kumtuhumu?

Wakuu, habari za kazi. Mimi natunza stoo. Leo nimekuta idadi ya saruji kwenye leja si ile niliyoingiza, nataka kumwandikia mhasibu, nakala kwa meneja.

Rasimu ya kwanza: "Idadi ya saruji imebadilishwa." Mwenzangu kaisoma akasema hiyo ni tuhuma. Namwelewa: inatangaza kwamba yupo aliyefanya, halafu inamficha, basi kila msomaji anaanza kumtafuta. "Imebadilika" ni laini, ila idadi haijibadilishi yenyewe, na meneja anaweza kuipita tu.

Nikajaribu: "Samahani, nilikuwa naona kama huenda kuna tofauti kidogo." Hapo nasikika sina uhakika, wakati hati ya mapokezi ninayo mkononi.

Sasa nafikiria hivi: "Jumatatu niliingiza mifuko 240, leo leja inaonyesha 204. Huenda tarakimu zilipishana, naomba tuangalie pamoja." "Huenda" nimeibakiza kwenye sababu tu, maana ndiyo nisiyoijua.

Je, kwa mtu aliyenizidi cheo, hiyo ni kavu mno? Na nakala ya meneja niitume sasa hivi, au nisubiri kwanza jibu la mhasibu?