Hesabu ya wanga kwenye chokoleti isiyo na sukari inanipa hasi 1

MamaLanet (Nakuru): Hamjambo wadau. Mama ana kisukari aina ya pili, anatumia vidonge tu. Tulimnunulia chokoleti isiyo na sukari kutoka Uingereza. Kwa gramu 40 wameandika wanga 20, ndani yake sukari 1 na polioli 17. Mstari unaofuata ni nyuzinyuzi 4. Nimetoa 20 − 4 − 17, nikapata hasi 1, nikachukulia ni sifuri. Saa moja baadaye kipimo kimetoka 6.8 hadi 9.1, na hakula kitu kingine. Nimekosea wapi?

Kibuye_K: Hujakosea. Nyuzinyuzi hazigeuki kuwa sukari, na polioli, yaani alkoholi za sukari, vilevile. Labda hakunawa vidole kabla ya kupima.

SahaniNaMizani: Kunawa ni muhimu, ila hapa lebo yenyewe inaonyesha kosa. Wanga 20 ukitoa polioli 17, zinabaki 3. Nyuzinyuzi 4 zitaeneaje ndani ya 3, na humo tayari kuna sukari 1? Haziwezi. Lebo za Uingereza na Ulaya huandika wanga bila nyuzinyuzi. Za Marekani huzihesabu humo humo, na ndiko kanuni hii ya kutoa ilikoanzia. Kwa hiyo, Mama Lanet, umetoa kitu ambacho hakikuwemo.

Sasa polioli. Tafuta namba kwenye viambato. E968 ni erithritoli. Karibu yote hufyonzwa na kutoka kwenye mkojo bila kugeuka sukari, kwa hiyo itoe yote. E965 ni maltitoli, na hii ndiyo inayodanganya watu: sehemu yake humeng'enywa ikawa glukosi, inayobaki huchachuka utumbo mpana na kuleta gesi. Hiyo toa nusu tu.

MamaLanet: Ni E965. Na kweli tumbo lilimjaa gesi.

SahaniNaMizani: Basi nusu ya 17 ni 8.5. 20 − 8.5 = 11.5. Hizo gramu ndizo za kuhesabu.

Nyar_Ahero: Na sisi wa ugali wa wimbi na mtama? Mimi hutoa nyuzinyuzi kwa takwimu za jedwali la vyakula la Kenya la 2018.

SahaniNaMizani: Usitoe, dada. Jedwali hilo nalo huandika wanga bila nyuzinyuzi. Ni kosa lile lile la kutoa mara mbili, na kwa sahani ya ugali linakuwa kubwa zaidi.

Kibuye_K: Nimekuelewa kuhusu E965. Lakini kwa nini nusu? Si salama zaidi kuhesabu zote 17?

SahaniNaMizani: Kwa mama wa vidonge, kuzihesabu zote hakuna hatari. Kwa anayedunga insulini ya chakula ni hatari: atadunga kwa gramu 20, mwili upate pungufu, tena polepole, na sukari ishuke mno. Nusu ni makadirio, watu hufyonza tofauti. Mama Lanet, siku nyingine mpe gramu 20 za chokoleti hiyo hiyo, umpime kabla, baada ya saa 1 na baada ya saa 2.

MamaLanet: Nitampima Jumamosi, nilete namba hapa.