Saruji imepanda katikati ya mwezi: stoki ya mwisho ipigwe fifo au wastani?

Kijana wa Stoo: Wakuu nina ubishi na bosi. Mwezi tulianza na mifuko 100 ya saruji ya 16,000. Tarehe 8 ikaingia 200 kwa 17,000, tarehe 22 ikaja 100 kwa 18,500, nauli na kushusha vimo humo. Tumeuza 280 kwa 19,500, imebaki 120. Mi kwa fifo napata stoki 2,190,000 na faida ghafi 800,000. Bosi kwa wastani kapata 2,055,000 na faida 665,000. Mifuko ni ileile, sasa 135,000 imeenda wapi? Nani yuko sahihi?

Fundi Mkude: Fifo bila mjadala. Saruji ukiiacha stoo inaganda, lazima ya zamani itoke kwanza. Bosi wako anaota.

Mzee Leja: Fundi, umesema kweli kuhusu saruji ila sio kuhusu hesabu. Hata vijana wa stoo wakitoa mfuko wa juu uliokuja jana, vitabu bado vinaruhusiwa kwenda kwa fifo, maana tunachofuata ni bei, sio mfuko wenyewe. Kanuni ya kimataifa, IAS 2, inakubali zote mbili, iliyofukuzwa ni ile ya kuanza na mzigo wa mwisho. Kijana, 135,000 haijaenda popote. Kwa fifo ile 120 umeibebesha bei mpya, 100 ya 18,500 na 20 ya 17,000, kwa hiyo mifuko ya zamani ya bei rahisi karibu yote imeenda kwenye mauzo na faida ikavimba. Bosi kachukua 6,850,000 akagawa kwa 400, akapata 17,125 kila mfuko, akazidisha kwa 120.

Dada Risiti: Ndo maana fifo ni hasara jamani, hapo kwa kampuni ya kodi asilimia 30 unalipa 40,500 zaidi bure kabisa.

Mzee Leja: Sio bure, mwanangu, ni mapema. Stoki ya mwisho ya mwezi huu ndo stoki ya mwanzo ya mwezi ujao. Ile 120 ikiisha yote, aliyetumia fifo ataanza na gharama iliyo juu kwa 135,000, faida yake inashuka kiasi hichohicho. Ila nakupa nusu ya haki yako, bei zikiendelea kupanda na stoo ikabaki imejaa, ile tofauti inaendelea kuahirishwa mwaka hadi mwaka.

Mama Vitenge: Samahani naingilia, mi nauza vitenge, doti za zamani nilichukua 9,000 mpya 12,000, kwa hiyo kwa wastani niuze ngapi?

Mzee Leja: Mama, hilo ni swali la bei ya kuuza, angalia utajaza tena kwa ngapi, yaani hiyo 12,000. Wastani waachie vitabu.

Dada Risiti: Hapo Mama Vitenge kagusa penyewe bila kujua! Kijana, mifuko 280 ukiirudisha leo kwa 18,500 ni 5,180,000, mauzo yako ni 5,460,000, kinachobaki ni 280,000 tu. Bosi akiona 800,000 akaitoa yote akanunua pikipiki, mwezi ujao stoo itakonda na atadhani mmemwibia.

Kijana wa Stoo: Sasa mbona nimechanganyikiwa zaidi, programu ya dukani nimeifungua nayo inasema 2,118,000!! Sio yangu wala ya bosi.

Mzee Leja: Haijakosea. Kabla ya tarehe 8 mliuza ngapi?

Kijana wa Stoo: 50. Kati ya tarehe 8 na 22 tukauza 150, baada ya hapo 80.

Mzee Leja: Basi inapiga wastani upya kila mzigo ukiingia. Ilibaki 50 ya 16,000, ikaongezwa 200 ya 17,000, wastani ukawa 16,800. Ikabaki 100, ikaja 100 ya 18,500, ukawa 17,650, mara 120 ni 2,118,000. Bosi kapiga mara moja mwisho wa mwezi, mzigo wa tarehe 22 umepandisha gharama hata ya mifuko iliyouzwa tarehe 3. Fifo haina shida hiyo, upige kila siku au mwisho wa mwezi jibu ni lilelile. Chagueni mmoja mkae nao, msiwe mnabadili kila bei ikitikisika, maana mkihama njia mnatakiwa kurekebisha na hesabu za nyuma.

Fundi Mkude: Mi bado fifo. Ukiangalia stoo unaona bei ya kweli ya leo.

Dada Risiti: Ya stoo sawa, ya faida hapana, na bosi anakula faida sio stoo.

Kijana wa Stoo: Bosi kaona hizo namba tatu, kauliza kwa nini hakuna ya nne yenye faida kubwa zaidi.