Tupeane uzoefu: vidude vya kung'ata vya watoto wanaoota meno, mnavichagua na kuvisafisha vipi?

Mama Zuhura (Dar)
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ametimiza miezi saba juzi, meno mawili ya chini yameshachungulia, na udenda unamlowesha kifua kutwa nzima. Nilimnunulia twiga wa mpira, yule anayelia akiminywa, akampenda kuliko kitu chochote humu ndani. Kila jioni namtosa kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, namsugua, namsuuza, naona nimemaliza kazi.

Jumamosi wakati namminya ili maji yamtoke kwenye kile kitundu cha filimbi, yakatoka na vijipande vyeusi kama masizi ya sufuria. Nikachukua mkasi nikampasua katikati. Ndani kote kweusi, kunateleza ukipapasa kwa kidole, na harufu ni ile ya tambara lililolala na maji. Mwezi na nusu mwanangu alikuwa ananyonya kitu hicho! Wiki iliyopita aliharisha siku nne, na kila niliyemwambia alinijibu ni meno hayo, yataisha.

Naomba aliyepitia haya aniambie mtoto wake anang'ata nini, na anakisafisha vipi siku kwa siku.

Baba Ibra
Pole sana mama. Kwangu sheria ni moja: chemsha. Kila kidude kinaingia kwenye sufuria dakika ishirini, hakuna mdudu anayebaki. Na kile kitundu cha filimbi nilikiziba kwa gundi ya superglu tangu siku ya kwanza. Hakijawahi kunisumbua.

Bi Mwanaisha wa Kisauni
Mie watoto wanne nimewalea bila hivyo vitu vya dukani. Chukua kitambaa kipya cha pamba, kichemshe, kikamue, kifunge fundo upande mmoja, kiingize kwenye friji saa moja. Mtoto akilia mpe ang'ate lile fundo nawe umeshika ncha ya pili. Kikipata joto unabadilisha, na jioni vyote vinachemshwa pamoja na nepi. Usafi wake rahisi kwa sababu kitambaa hakina tumbo la ndani la kuficha uchafu.

Lakini mkaza mwanangu alitia kidude cha mpira kwenye friza mpaka kikawa jiwe. Mtoto alipokishika kikagandia mdomoni, ngozi ya mdomo ikachubuka. Friji inatosha, friza hapana.

Nesi Tanga
Mama Zuhura, pole. Niko kliniki ya watoto mwaka wa kumi na moja sasa, na mdoli wa namna hiyo ameshaletwa mbele yangu mara nyingi tu. Kosa lako si uchafu, wewe ulikuwa unaosha kila siku. Tatizo ni kwamba unapomminya ndani ya beseni anavuta maji kama bomba la sindano, na yale maji ya sabuni yenye mabaki ya mate hayana pa kukaukia. Ndani kuna giza, joto na chakula kidogo, ukungu unataka nini zaidi? Kadiri ulivyomtosa ndivyo ulivyomlisha.

Kwa hiyo dukani, kabla hujauliza bei, kiminye karibu na shavu lako. Ukisikia upepo unatoka, jua maji nayo yataingia. Kama bado unakitaka, usikizamishe hata siku moja. Futa nje kwa kitambaa chenye maji na sabuni, pitisha kingine chenye maji safi, basi. Na kila baada ya siku chache kiminye juu ya tishu nyeupe. Doa jeusi moja likionekana, tupa, maana humo ndani hapasuguliki.

Baba Ibra, gundi sikubaliani nayo. Mtoto wa miezi minane ana meno, anaibandua kipande kipande na kumeza. Na kama kulikuwa na unyevu kabla hujaziba, umeufungia ndani. Dakika ishirini za kuchemsha nazo ni nyingi. Silikoni ikishatokota vizuri dakika tano zinatosha, na isiguse kitako cha sufuria.

Baba Ibra
Hiyo ya kitako cha sufuria nakubali nesi, nilikuwa na pete ya buluu yenye maji ndani, ikalainika chini mpaka ikapasuka. Nilijua ni mbovu tu.

Nesi Tanga
Haikuwa mbovu kaka, zile zenye maji hazichemshwi kabisa, mshono wake haustahimili. Na mimi sizipendi hata zikiwa mpya, maana jino likishatoboa, yale maji anayameza mtoto, na hujui yalijazwa wapi.

Happy K.
Samahani naingilia. Mimi wangu ana miezi tisa, nataka jina la ile dawa ya kupaka kwenye fizi inayotia ganzi. Rafiki yangu alimpaka wake akalala usiku mzima.

Nesi Tanga
Happy, swali lako ni lingine lakini nisilipite. Soma boksi lake. Ukikuta benzokaini usimpake, hairuhusiwi kwa mtoto chini ya miaka miwili. Inaweza kuharibu damu isibebe hewa, mtoto akawa wa kijivu midomoni. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitaka ziondolewe sokoni kwa watoto wa umri huo. Nawa mikono kwa sabuni, msugue fizi kwa kidole taratibu dakika mbili. Udenda unaiondoa dawa haraka hata hivyo.

Mama Zuhura (Dar)
Sasa nesi, hiyo silikoni nitaijuaje? Nimepita maduka matatu, kila muuzaji anasema yake ndiyo silikoni halisi.

Salma wa Ilala
Ikunje kwa nguvu. Ikigeuka nyeupe pale ilipokunjika, imechanganywa. Mimi ndivyo ninavyopima zangu.

Nesi Tanga
Hicho kipimo nakisikia sana, sijui kama nikiamini. Nimeona nzuri zikipauka na mbaya zisipauke. Mimi natumia pua. Silikoni safi haina harufu. Kama inanuka kandambili mpya, iache. Ukifika nyumbani ichemshe ile ya mara ya kwanza, maji yakifanya utando wa mafuta juu au harufu ikizidi, mtoto asipewe.

Umbo ndilo ninalolisisitiza zaidi. Kiwe kipande kimoja bila macho ya kubandika, shanga wala gurudumu. Chukua lile bomba la katikati ya roli ya tishu ya chooni, chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto huyo. Kisha kivute na kukipinda kwa mikono yote miwili, kwa sababu miezi kumi ana meno manne au zaidi na taya lina nguvu. Na kisiwe na kamba ya kuvaa shingoni, hata kama bibi amesema ni ya kutuliza meno.

Salma wa Ilala
Mimi bado nakunja, dada. Imenisaidia kuikataa moja iliyokuwa ikimeguka.

Mama Brayan
Kwetu Mbeya dada wa kazi alikuwa anaokota kidude chini, anakifuta kwa upindo wa kanga yake na kumrudishia mtoto. Kanga hiyo hiyo ameipangusia mikono jikoni na kumfuta mtoto kamasi. Sikumgombeza, nilimnunulia dumu dogo lenye bomba, tukalijaza maji yaliyochemshwa, likakaa mezani pamoja na sabuni. Kikianguka, anakiosha hapo hapo. Na vidude viko viwili, kimoja mdomoni, kingine kinakauka.

Mimi vya kwangu navilowesha kwenye ile dawa ya maji ya kahawia inayogeuka kama maziwa ukiitia majini. Inaua kila kitu.

Nesi Tanga
Mama Brayan, hilo dumu ningependa kila nyumba iwe nalo. Ila hiyo dawa iache kwa sakafu na nguo. Haikutengenezwa kwa kitu kinachoingia mdomoni, na silikoni inashika ile harufu hata ukisuuza mara tatu. Kinuse kidude chako sasa hivi.

Ukitaka kuua vijidudu kwenye kitu kisichochemshika, plastiki ngumu kwa mfano, tumia Jik ya kawaida isiyo na manukato, ile ya 3.5%. Kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji ya baridi. Osha kwanza kwa sabuni, maana juu ya utelezi wa mate haifanyi kazi vizuri. Lowesha dakika mbili, toa, acha kikauke chenyewe. Usichanganye na siki wala sabuni nyingine ya chooni, mvuke wake unaunguza mapafu. Si lazima kila siku. Kila siku ni sabuni na maji ya vuguvugu, kusugua mikunjo kwa mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo, kusuuza na kukausha. Kuchemsha au Jik nawaambia wafanye kikiwa kipya, na mtoto akitoka kuugua.

Mama Brayan
Nimekinusa. Kweli kinanuka. Na mwanangu alikuwa anakikataa wiki hizi, nikadhani amekichoka.

Bi Mwanaisha wa Kisauni
Kukausha, wanangu, msianike juani vitu vya mpira. Jua la huku linaupasua mpira kwa wiki mbili, unaona mistari kama kisigino kikavu. Mie hupanga kwenye chungio safi kivulini, juu nafunika kawa, nzi hawatui na upepo unapita.

Mama Zuhura (Dar)
Ahsanteni, nimeandika yote. Nesi, lililonikaa moyoni ni kule kuharisha. Ni twiga yule?

Nesi Tanga
Siwezi kukuambia ni twiga, na hakuna atakayejua sasa. Miezi hii mtoto anatambaa, anaokota, ameanza uji, na kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama inapungua. Kuharisha kuna njia nyingi za kuingia. Ninachokuambia ni kwamba jino halimharishi mtoto. Linamtia udenda, linamnyima usingizi, linaweza kumpandisha joto kidogo. Thamometa ikisoma 38 na kuendelea, au choo kikiwa maji mara tatu kwa siku, huo ni ugonjwa. Anahitaji ORS, vidonge vya zinki na kuonwa, na anyonye kama kawaida.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimepokea watoto waliong'olewa wanayoyaita meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, mtu anaona fizi imevimba, anachokonoa kwa kitu kisichochemshwa na kutoa chipukizi la jino lenyewe. Analetwa fizi inavuja damu, amekauka maji, na kule kuharisha kuko pale pale.

Mama Zuhura (Dar)
Nimekuelewa dada. Leo nimenunua pete moja ya silikoni, haina tundu, bomba la tishu imekataa kupita, na nimeichemsha bila harufu. Shemeji kaleta nyingine ya mti, nzuri, laini. Ya mti naifanyaje?

Nesi Tanga
Usiiloweke wala kuichemsha, inavimba na kuchanika. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, kisha cha maji safi, kausha siku hiyo hiyo. Pitisha ukucha kila wiki, ukizama kwenye ufa, tupa.

Bi Mwanaisha wa Kisauni
Ya mti huipaka mafuta ya nazi.

Nesi Tanga
Yanaing'arisha, bi. Ufa sijaona ukizibika.