Naombeni ushauri: storibodi ya kukimbizana Owino haina presha

MchoraKisenyi
Habari zenu wakuu. Nachora storibodi ya filamu fupi tutakayoshuti hapa Kampala. Kijana amechukua bahasha isiyo yake, watu wawili wanamkimbiza kwenye vichochoro vya soko la Owino hadi kituo cha zamani cha teksi. Michoro iko 20. Nimeipiga picha, nikaiunganisha kwenye simu, kila mmoja sekunde 2. Kwa sekunde 40 watu wanakimbia na moyo haudundi kabisa, ingawa engo nimebadilisha kila mara: juu, chini, pembeni. Urefu wa shoti unapangwaje ili presha ipande? Kamera tunayo moja, lenzi ni za milimita 24 na 85.

BodaStage
Sekunde 2 ni nyingi mno. Kata nusu sekunde nusu sekunde mwanzo mpaka mwisho, kamera itikisike, uipinde kidogo. Kukimbizana ni kasi, basi.

NyotaJinja
Kibali mnacho? Sisi tulishuti boda zikifukuzana kule Jinja, wenye maduka wakatuzuia mpaka jioni kwa sababu hatukuongea nao mapema. Owino ndiyo msiende bila kuonana na viongozi wa soko.

MchoraKisenyi
Asante dada, hilo tumeshalimaliza. Shida yangu bado iko kwenye karatasi.

MhaririMkuu
BodaStage, hizo kata fupi anazihitaji, ila mwishoni. Akianza na nusu sekunde, jicho litazoea mara moja na hatakuwa na pa kupanda tena.

Mchora, chini ya kila mchoro andika umbali kati ya kijana na wanaomfukuza: mita 30, 20, 20, 8. Mtazamaji anachoogopa ni hilo pengo. Ukikuta michoro mitatu mfululizo ina umbali uleule, hata engo zikitofautiana vipi, hadithi imesimama. Nadhani ndicho kilichokupata.

Ningeanza na shoti ya juu, kutoka ghorofa ya jirani, sekunde 6: tumwone kijana, tuwaone wale wawili, tuione na njia ya kutokea. Bila ramani hiyo, shoti fupi zitakuwa fujo tu. Halafu punguza sekunde: 4, 3, 3, 2. Wakiingia kwenye kichochoro chembamba, sekunde 1 na 1.

Hapo sasa simamisha. Kijana anajibanza nyuma ya mabunda ya mitumba. Shoti moja, kamera chini, uso wake umejaa mbele, na nyuma yake miguu ya mfukuzaji inapita, inasita, inarudi hatua moja. Sekunde 8 bila kukata. Kila unapokata unampa mtazamaji nafasi ya kupumua, kwa hiyo hapa usimpe. Akichomoka tu, ndipo zije zile nusu sekunde za BodaStage. Kila moja iwe na kitu kimoja cha kuona: ndala imechomoka mguuni, mkono umeshika shati. Ukijaza soko zima kwenye nusu sekunde hakuna atakayeona kitu.

Lenzi: 85 ukiwa mbele yao, mbali, itawabana mpaka waonekane wako mgongoni kwake hata kama wako mita 15, na yeye ataonekana anakimbia bila kufika. Ihifadhi kwa pale anapochoka. 24 iweke karibu na ardhi, wapite ubavuni mwa kamera, ndiyo inayotoa kasi. Ukitaka pengo lionekane linaongezeka, usiguse 85.

MchoraKisenyi
Mzee, nimeandika umbali. Mchoro wa 5 hadi wa 9 wote mita 20! Jambo jingine: mpaka wa 8 anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, wa 9 amekata kona, anaenda kulia kwenda kushoto. Niliyemwonyesha alidhani amegeuka kuwafuata.

MhaririMkuu
Mwache akate kona ndani ya shoti yenyewe, tumwone akigeuka. Au weka katikati shoti anayokuja moja kwa moja kwenye kamera. Baada ya hapo upande wowote unakubalika.

Kaka_wa_Arua
Mimi sikubali. Owino mtu anapotea hata akiwa anatembea. Mgeuze ghafla, mtazamaji apotee pamoja naye.

MhaririMkuu
Kijana kupotea ni sawa. Ila mtazamaji asipojua wafukuzaji wako wapi, pengo halipo tena, na hofu inakwenda nalo.

Kaka_wa_Arua
Kutojua walipo ndiko kunakoogopesha zaidi, mzee wangu.

MchoraKisenyi
Nitachora zote mbili, niziunganishe kwenye simu nimwonyeshe mtu asiyejua hadithi. Nitamwuliza tu: wafukuzaji wako upande gani?