Lamu: kila mtu ana nne au tano. Tuweke mgao wa lazima, au tuwafunze wasimamizi?

Karani wa Mokowe: Ofisi yetu inakusanya ushuru wa soko na wa gati. Fomu za tathmini za mwaka huu zimerudi, karibu kila mtu ana nne au tano kati ya tano, hata wale ambao vitabu vyao vya risiti havilingani na fedha. Mkubwa anataka kanuni kwamba asilimia 10 ya watu lazima wapate alama ya chini, pamoja na semina ya siku moja ya kuwakanya wasimamizi waache ukarimu. Mwaonaje?

Mzee wa Langoni: Mgao ndio dawa. Nimewahi kusimamia watu hapa kisiwani, najua. Utampa mbili mtu ambaye magharibi mtasimama safu moja msikitini, na wiki ijayo unaalikwa harusi ya binti yake? Mgao unampa msimamizi pa kujifichia: si mimi, ni kanuni. Semina nayo iwe kali. Waambiwe wasigawe nne na tano ovyo, na wakimpenda mtu kwa jambo moja wasimjazie mengine yote. Alama zikianza kupishana, jua tathmini imekuwa ya kweli.

Bint Shela: Shikamoo mzee wangu. Habari ya msikitini na harusi umeigusa penyewe. Ila hapo mwisho sikubaliani nawe, na ndipo semina nyingi zinapoharibikia. Kazi yangu ni kuendesha mafunzo ya aina hii.

Jambo hili si la Lamu peke yake. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Thorndike alichunguza jinsi maofisa wa jeshi la Marekani walivyopewa alama na wakubwa wao. Akakuta aliyesifiwa umbo amesifiwa na akili, uongozi na tabia, kwa kiasi ambacho hakiwezi kuwa sadfa. Sifa moja ilikuwa imezimeza nyingine. Basi kwa miaka mingi wakufunzi wakafanya hivyo hivyo unavyosema: wakawaonya wasimamizi wasiwe wapole, na wasimpe mtu alama zinazofanana katika kila kigezo. Mwaka 1980 watafiti Bernardin na Pence wakaipima dawa hiyo. Upole ulipungua kweli, kufanana kwa alama kukapungua, lakini alama zikawa mbali zaidi na ukweli kuliko za wale ambao hawakuonywa hivyo.

Sababu yake si ngumu. Chukua makarani watatu ambao kwa haki wanastahili tano, nne na mbili. Msimamizi mpole amewapa tano, tano na nne. Umkanye, mwakani atawapa nne, nne na tatu. Amekuwa mkali, lakini yule dhaifu bado anaonekana wa kutosha na yule hodari amepunjwa. Na wapo watu walio wazuri kila upande. Ukimwambia msimamizi alama lazima zipishane, atamtafutia mtu huyo kasoro ya kubuni.

Kijana wa Mkomani: Sasa semina ifundishe nini? Maana mmeshasema kuonya hakufai.

Bint Shela: Ifundishe mbili ni kitu gani na nne ni kitu gani katika kazi hii hii ya risiti. Nitaeleza ninavyofanya.

Naandika kisa cha karani wa kubuni. Kila siku anafungua dirisha la gati kwa wakati. Ana maneno mazuri, na siku manahodha wawili walipogombania zamu ya kushusha mizigo yeye ndiye aliyewatuliza. Lakini katika robo ya mwaka kitabu chake kimepishana na fedha mara tatu, na taarifa ya mwezi imechelewa mara mbili. Wasimamizi wanakisoma, kila mmoja anaandika alama bila kuzungumza na mwenziwe. Kwenye kigezo cha usahihi wa hesabu utaona nne, tano na mbili kwa karani huyo huyo. Wala hawakuwa na nia mbaya. Yule wa tano alikuwa bado yuko na wale manahodha.

Kabla ya siku hiyo, watu wanaoijua kazi barabara walishakisoma kisa na kukubaliana kwamba hesabu ni mbili na huduma kwa watu ni tano. Nawaonyesha alama hizo, halafu kila msimamizi anyooshe kidole kwenye mstari uliompa alama yake. Hapo ndipo mafunzo yanapoingia. Tunakwenda kisa cha pili, cha tatu, mpaka alama zao zisogee karibu na zile za wajuzi. Kukaribiana wao kwa wao hakutoshi, watu wanaweza kukubaliana wote wakakosea.

Mwalimu wa Faza: Mimi nilipewa alama ya chini na mkuu wangu kwa sababu ya siku mbili za michezo ambazo sikwenda, mtoto alikuwa na homa. Kufundisha kwangu hakukutajwa hata. Kwa hiyo mnataka fomu hii itumike kufukuza watu kazi? Mimi siungi mkono.

Bint Shela: Pole, dada. Swali halikuwa la kufukuza, lakini kisa chako kinaonyesha kwamba jambo moja linaweza kumeza mengine kwa kushuka pia, si kwa kupanda tu. Na kwa hilo la kufukuza, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu na amsikilize kabla ya kumwachisha kwa utendakazi duni. Alama tupu haimvushi.

Kijana wa Mkomani: Na fomu yenyewe? Yetu imeandikwa "uaminifu", "bidii", "mwonekano". Kwa hayo kila mtu atapewa tano.

Bint Shela: Maneno hayo ndiyo mlango wa upole, kwa sababu hakuna awezaye kukuuliza umeyaonea wapi. Waiteni makarani na wasimamizi wao wataje matukio ya kweli, mazuri, ya wastani na mabaya. Kisha wapeni watu wengine, ambao hawakuyataja, wayapange upya: hili ni la hesabu au la huduma, na ni la ngazi gani? Tukio linalowagawanya, litupeni. Yanayobaki yaandikwe kwenye fomu. Mfano kwa hesabu:

5: Kitabu na fedha hulingana kila jioni, akiona tofauti hutoa taarifa kabla hajaulizwa.
3: Tofauti hutokea mara chache, naye huieleza siku hiyo hiyo akiulizwa.
1: Tofauti hujirudia, na risiti zilizoharibika hazina maelezo.

Chini yake pawe na nafasi ya tarehe na tukio. Msimamizi aweke daftari la mistari michache kila wiki, la sivyo atakumbuka Novemba na Desemba tu. Tena awapime makarani wote kwenye hesabu kwanza, ndipo aende kwenye huduma, badala ya kummaliza mtu mmoja kwa vigezo vyote.

Kijana wa Mkomani: Daftari la kila wiki halitajazwa. Nakwambia mapema.

Bint Shela: Kwa wengine halitajazwa, ni kweli. Mkubwa akiliomba kila robo ya mwaka, nusu ya tatizo huondoka.

Mzee wa Langoni: Marahaba, mwanangu. Umesema vizuri, lakini hujanijibu. Msimamizi wangu anajua fika kwamba yule ni wa mbili. Haoni vibaya, anaona haya. Visa vyako vitamtoa haya?

Bint Shela: Havitamtoa. Mafunzo humsaidia asiyejua, anayeogopa anahitaji kitu kingine. Mgao nao una balaa lake: kituo chenye makarani sita, asilimia 10 haifiki hata mtu mmoja. Ama hapatikani mtu, ama anatolewa mmoja kafara, na kwa kawaida ni yule asiye na ukoo hapa. Mimi ningetenganisha vikao: cha kumrekebisha mtu kiwe mwezi wake, cha kupandishwa cheo mwezi mwingine. Wasimamizi huzidisha upole pale alama inapogusa mshahara.

Mzee wa Langoni: Na sahihi ya pili iwe ya mtu wa nje ya kisiwa.

Kijana wa Mkomani: Wa nje atajua nini kuhusu gati la Mokowe, mzee?

Karani wa Mokowe: Hapo kwenye sahihi ya pili mkubwa atakwama. Mimi nitaanza na matukio. Nina vitabu vya risiti vya robo mbili, na makarani wanne wamekubali kukaa.